Gari la kukodi, amana ya laki tano na mlima wa Soni

Mwezi huu naomba tuweke kando mambo ya wodini. Tangu nirudi kutoka likizo nimeulizwa swali moja na watu zaidi ya kumi, hapa Leicester na kwingine: ile kampuni uliyokodi gari Dar, inafaa? Jibu langu limekuwa refu kila mara, na simu zimekuwa zinaniishia chaji. Basi naliandika.

Jina la kampuni silitaji. Tuligombana, tukamalizana, na hela yangu ilirudi, kwa hiyo sioni sababu ya kuwatangaza. Nitakachoeleza ni jinsi walivyonihudumia katika mambo manne: hali ya gari, amana, mafuta, na msaada gari lilipoharibika. Utaona kwamba mambo hayo manne mwishoni yanageuka kuwa moja, yaani amana. Kila ugomvi wa tairi, wa mafuta au wa injini unakwenda kulipiwa kwenye ile hela yako waliyoishika. Na sisi tunaotoka nje tuna udhaifu mmoja wanaoujua vizuri sana: tuna tiketi ya ndege yenye tarehe.

Nilikuwa na watoto wawili, baba yao hakupata likizo. Mama yangu yuko Lushoto, na alikuwa na miadi ya kliniki ya macho Moshi siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu ya kukodi gari, siyo matembezi. Nikachukua RAV4 ya zamani, gia otomatiki, kwa siku tisa, Alhamisi hadi Ijumaa ya wiki iliyofuata. Bei ilikuwa laki moja kwa siku ukibaki Dar, na laki moja na arobaini elfu ukitoka mkoani. Amana shilingi laki tano.

Kuhusu hiyo amana, kwanza waliniandikia kwa dola kwenye WhatsApp. Nikawaambia tangu 2025 kanuni zinakataza kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, waniandikie kwa shilingi. Hawakubisha. Sikuwa najifanya mwanasheria. Nilikuwa naogopa kutoa dola kwa bei yao ya kubadilisha na kurudishiwa shilingi kwa bei yao nyingine. Ukitoa shilingi, unadai shilingi zile zile.

Hapa Uingereza tumezoea amana isiyoonekana. Kampuni inazuia kiasi fulani kwenye kadi ya mkopo, hela haiondoki, na ukirudisha gari salama wanakifungua baada ya siku chache. Ukiona wamekukata visivyo, una benki ya kulalamikia. Kule kwetu nilitoa noti, au tuseme nilituma kwa simu, na kuanzia dakika ile hela ilikuwa yao hadi watakapoamua vinginevyo. Mkataba ulisema amana inarudishwa "ndani ya siku saba za kazi". Ndege yangu ilikuwa Jumapili, siku mbili baada ya kurudisha gari. Hesabu mwenyewe.

Nilichofanya ni kuomba mambo mawili yaandikwe kwa kalamu chini ya mkataba, na kijana wa ofisini akatia sahihi pembeni: kwamba hela itarudi kwa namba ya simu ya kaka yangu aliyeko Dar, jina lake limeandikwa, na kwamba makato yoyote yatakuja na orodha na risiti. Hakuna aliyenikatalia. Nadhani watu wengi hawaombi tu.

Sasa gari lenyewe. Kijana aliniletea karatasi yenye mchoro wa gari, ile ya kuweka alama palipokwaruzwa. Alikuwa ameshaweka alama mbili. Mimi nikatoa simu nikaanza kupiga video, polepole, kuanzia taa ya kushoto mbele nikizunguka hadi nirudi pale pale, nikisema kwa sauti ninachokiona na kutaja tarehe na saa. Kazini tunafundishwa kwamba kisichoandikwa hakikufanyika. Ukipokea zamu na mgonjwa ana kidonda mgongoni ambacho hakikuandikwa, kesho kidonda ni chako. Gari ni hivyo hivyo. Nilikuta mikwaruzo tisa, pamoja na ufa mdogo kwenye bampa la nyuma uliokuwa umepakwa rangi. Kijana akacheka, "Dada, wewe ni trafiki?" Nikamwambia mimi ni nesi, ni mbaya zaidi.

Halafu nikainama kwenye matairi. Hili nataka mlijue maana halihitaji ufundi. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3114, tairi lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2014. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani, itabidi ulale chini na tochi. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa huku mpira wenyewe umeshakauka, hasa likiwa limekaa juani au limeletwa kuukuu. Ukilikunja kidogo kwa kidole kwenye mifereji utaona nyufa nyembamba kama za kisigino kilichokosa mafuta. Matairi yangu mawili ya mbele yalikuwa mapya. Ya nyuma yote mawili yalikuwa 3114, yana nyufa, na safari ilikuwa ya kilomita kama 370 kwa lami ya joto hadi milimani.

Nikasema siondoki nayo. Hapa nawasifu: baada ya kunung'unika kidogo walimwita meneja, na ndani ya dakika arobaini fundi wao alikuwa ameyabadilisha yote mawili. Tairi la akiba lilikuwa na upepo, jeki na spana vilikuwepo, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto pia. Ningetoa alama nzuri kwa hali ya gari kama ningeishia hapo. Lakini kuna kitu sikukifanya. Sikufungua boneti. Ningefungua, injini ikiwa ya baridi, ningeona chupa ya maji ya rejeta, na kilichokuwa ndani yake kingenieleza yote. Nitakifikia.

Mafuta nayo yana hadithi yake, fupi. Sheria ya kampuni ilikuwa kurudisha kiasi kile kile ulichokikuta. Karatasi ilisema nusu tenki. Sindano kwangu ilikuwa juu kidogo tu ya robo. Kijana akasema sindano inapanda gari likitulia. Nikapiga picha ya dashibodi, injini inawaka, gari liko sawa si mlimani, kilomita zinaonekana. Kisha nikamwomba twende wote sheli ya karibu. Tukajaza hadi pampu ilipojikata yenyewe: lita 41, risiti ikatoka. Tenki la aina ile huchukua lita 57. Kwa hiyo nilipewa lita 16, na nusu tenki ni zaidi ya lita 28. Tofauti ni lita kumi na mbili na ushee, na petroli siku ile ilikuwa karibu shilingi 3,000 kwa lita. Unaona, ni kama elfu thelathini na saba ambazo ningezilipa mara mbili bila kujua. Tuliporudi alifuta nusu akaandika robo, akaweka sahihi.

Usiandike kwenye mkataba kiasi cha fedha cha mafuta, andika kiwango cha tenki au lita. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo hela ya leo inaweza isinunue lita zile zile ukirudisha wiki ijayo. Na kama sheria yao ni ya "kama ulivyolikuta", ukizidisha wewe ndiye umewazawadia. Sijaona kampuni inayorudisha lita. Nilirudisha nikiwa na robo na kidogo, wakatazama picha, wakakubali. Mafuta yaliisha hapo.

Ijumaa tukaondoka Dar alfajiri. Chalinze, Segera, Korogwe, kila kitu shwari, watoto wanakula machungwa na kuchafua kiti. Mahali fulani trafiki alinisimamisha, nilikuwa na kasi ya 58 penye kibao cha 50. Kosa langu, shilingi 30,000, na sikuilipa siku ile ile. Tulifika Mombo mchana umeshageuka. Wanaoijua njia ile wanajua kinachofuata: kutoka Mombo barabara inapanda Usambara kwa kona za kukunja shingo, unapita Soni, ndipo Lushoto, jumla kilomita thelathini na kitu. Gari linakwenda polepole, injini inafanya kazi nyingi, na upepo wa mbele ni mdogo. Kwenye tambarare, upepo wa mwendo huipoza rejeta hata kama feni imekufa. Mlimani feni inabaki peke yake. Ndiyo maana gari bovu linaweza kukupeleka Mombo likiwa linacheka, likakulilia kabla ya Soni.

Nilikuwa natazama geji ya joto kwa sababu baba yangu alikuwa dereva na alitufundisha hivyo. Ilikaa katikati siku nzima. Kona ya tatu au ya nne ikaanza kupanda. Nikazima kiyoyozi, nikawasha hita kwa nguvu zote, madirisha wazi, maana hita inachota joto la injini na kulileta ndani, watoto walinichukia. Ikashuka kidogo, kisha ikapanda tena hadi karibu na alama nyekundu. Hapo nikapaki pembeni palipokuwa na nafasi, nikazima injini, nikaweka pembetatu, na nikapiga picha ya ile geji kwa ufunguo ukiwa umewashwa bila injini. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri. Picha ile ilikuja kuwa na thamani ya laki tano.

Namba ya dharura ya kwanza kwenye mkataba haikupatikana. Ya pili alipokea yule yule kijana wa ofisini. "Dada, fungua rejeta umwagie maji." Jamani. Nimewahi kumhudumia mtu aliyefungua rejeta ya moto. Maji yale yako chini ya mgandamizo, joto lake ni zaidi ya maji yanayochemka sufuriani, na ukilegeza kifuniko yanaruka yote kwa pamoja usoni na kifuani. Usifungue. Subiri nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kukuunguza, kisha fungua kwa kitambaa kinene, robo ya mzunguko, usimame pembeni.

Bodaboda mmoja aliniitia fundi kutoka Mombo, mzee wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama chini ya gari kabla hata ya kugusa boneti. Maji yalikuwa yanadondoka. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka pale unapobanwa na klampu. Alipofungua kifuniko, yale maji yaliyobaki yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi. "Mwanangu, hawa wanajaza maji ya bomba," akaniambia. Maji matupu yanaota kutu ndani, kutu inaziba njia za rejeta, na hayana dawa inayozuia kuchemka mapema. Dawa halisi ya rejeta ina rangi safi, ya kijani au nyekundu au ya pinki, na hiyo ndiyo ningeiona kwenye chupa Alhamisi kama ningefungua boneti. Ningeona kahawia. Nilipiga picha ya kahawia ile kwenye chupa ya plastiki nikaituma kwa kampuni palepale, kabla fundi hajagusa kitu.

Alikata kipande kilichopasuka, akausogeza mpira, akabana upya, akajaza. Shilingi 40,000, na aliniandikia kwenye karatasi ya daftari: tarehe, namba ya gari, alichokikuta, alichokifanya, jina na namba yake ya simu. Tulifika Lushoto usiku kwa mwendo wa kinyonga, tukisimama mara tatu.

Jumamosi asubuhi fundi wa Lushoto akagundua ubovu wa pili: feni ya rejeta haizunguki kabisa. Kampuni wakasema nisiliendeshe, wanatuma gari lingine leo hii. Leo hii ikawa jioni, jioni ikawa kesho. Jumapili mchana simu zao zote zikawa zinaita tu. Mama alikuwa ameshapanga nguo zake za kliniki kwenye kiti tangu asubuhi, na hakusema neno, jambo ambalo kwa mama yangu ni baya kuliko kulalamika. Miadi ile alikuwa ameisubiri kwa miezi. Saa kumi jioni kaka yangu mwingine akazungumza na jirani mwenye Noah, shilingi 180,000 kwenda na kurudi Moshi, pamoja na dereva. Tukaondoka alfajiri, tukafika kwa wakati, mama akaonwa. Gari la kampuni liliingia Lushoto Jumatatu saa nne asubuhi, sisi tukiwa Moshi.

Hapa kosa langu ni kubwa na nalisema wazi. Mkataba ulisema "kampuni itatoa msaada gari likiharibika", na mimi niliridhika na sentensi hiyo kwa sababu kijana aliniambia kwa mdomo kwamba gari mbadala hufika ndani ya saa ishirini na nne. Niliandikisha mafuta, nikaandikisha namba ya simu ya kaka, lakini hilo sikuliandikisha. Nilipaswa kuuliza vitu vitatu na kuvitia kalamu: fundi wa njiani analipwa na nani na mpaka kiasi gani bila kusubiri ruhusa, gari mbadala linafika ndani ya saa ngapi mkoa ninaokwenda, siyo Dar, na kodi ya siku inasimama kuanzia saa ngapi. Kwa Dar peke yake jibu lolote linatosha. Kwa Lushoto, Mbinga au Kasulu, msaada wa saa mbili hauwezekani, hata wakiwa na nia njema. Bora wakuambie ukweli mapema kuliko uahidiwe saa ishirini na nne.

Dereva aliyeleta gari mbadala aliunganisha feni ya lile bovu kwa waya moja kwa moja kwenye betri, akaliendesha mwenyewe hadi Dar. Kumbukeni hilo.

Ijumaa nilirudisha gari la pili asubuhi. Lilikuwa zuri, sina neno. Meneja akanikaribisha soda, kisha akasema: dada, lile la kwanza uliliendesha likiwa linachemka, umeua gasketi ya hedi, matengenezo ni zaidi ya amana, lakini tutakusaidia, tutachukua amana tu. Alisema kwa upole kabisa, kama anayenipa zawadi.

Nilimuuliza kuhusu bima. Akasema bima kubwa haihusiki, na hapo alikuwa sahihi. Bima ya gari inalipa ajali, wizi, moto. Hailipi injini iliyochoka au kuchemka. Kwa hiyo ukiona bima kubwa kwenye mkataba usidhani amana yako imepata mlinzi dhidi ya ubovu wa ndani. Kati ya injini yao na hela yako hakuna mtu.

Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa uani, halijaguswa. Nikaomba fundi wao afungue kifuniko cha oili mbele yetu. Gasketi ikikatika kati ya njia ya maji na njia ya oili, vinachanganyika, na chini ya kifuniko unakuta utando kama chai ya maziwa. Ukiwasha injini, moshi mweupe mzito hutoka nyuma na hauishi hata injini ikipata moto, au utaona mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, safi haina maziwa. Tukawasha. Hakuna moshi, hakuna mapovu. Fundi wao mwenyewe, kijana mwaminifu, akasema, "Bosi, hii gasketi nzima." Nikamkumbusha meneja kwamba gari lililokufa gasketi lisingeteremka Soni na kufika Dar kwa gurudumu zake. Kisha nikampa picha: geji saa kumi na dakika kumi na mbili, ikiwa bado haijagusa nyekundu, orodha ya simu ikionyesha nilipiga dakika mbili baadaye, chupa ya maji ya kahawia, karatasi ya fundi wa Mombo.

Akanyamaza muda. Akajaribu ufa wa bampa. Nikafungua video ya Alhamisi. Akajaribu faini mbili za barabarani zinazosomeka kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi. Moja ilikuwa yangu, nikakubali. Nyingine ilikuwa na tarehe ya wiki moja kabla sijalichukua. Hili nalo tazameni kabla ya kutia sahihi, kwa namba ya gari, maana faini inafuata gari na siyo dereva.

Mwisho tulikubaliana hivi, na nilimwomba aandike. Amana 500,000 yote. Kodi ya siku mbili ambazo sikuwa na gari, 280,000. Mimi niliomba siku tatu, kwa kuwa Jumatatu nayo gari lilifika nikiwa nimeshaondoka, akakataa. Fundi wa Mombo 40,000 kwa kuwa ana karatasi. Fundi wa Lushoto niliyemlipa 15,000 bila karatasi, hapana. Toa faini yangu 30,000. Jumla 790,000. Noah, 180,000, hakuilipa, na kwa mkataba ule niliousaini sikuwa na mstari wa kumwonyesha.

Ningekodi kwao tena? Kwa kuzunguka Dar, Bagamoyo, hata Morogoro, ndiyo. Bei yao ni nzuri, walibadilisha matairi bila vita, na mwishoni walisikia ushahidi, jambo ambalo si kila ofisi inaweza. Kwa mlimani, hapana, labda waniandikie saa na waniruhusu kufungua boneti kwanza. Na ningerudisha gari siku mbili kabla ya ndege kama nilivyofanya, au tatu. Ningelirudisha Jumapili asubuhi nikiwa na mabegi, yale mazungumzo ya gasketi yangeishia kwenye soda.

Hela iliingia kwenye simu ya kaka siku ya nane, mimi nikiwa zamu ya usiku. Alinitumia picha ya ujumbe wa muamala, 790,000 kamili, na chini yake akauliza kama gharama ya kutolea inatoka kwake au kwangu. Nilipompigia mama kumweleza, aliniacha nimalize yote, halafu akasema mwaka kesho nisihangaike, jirani yupo, na Noah yake haikuchemka.